Bwati 120: siku zangu 90 za kwanza katika depo ya dawa, Bukavu

Nilianza kazi ya magazinie Jumatatu tarehe 3 Juni 2019, katika depo ya dawa hapa Bukavu, kwenye mtelemko unaoshuka kutoka Kadutu. Senta za afya za mjini zilikuwa zinachukua dawa kwetu, na nyingine zilitoka mbali kidogo, Kabare na Walungu. Kabla ya hapo nilikuwa nimetunza stoki ya saruji na mabati kwa miaka 4. Nasema hivyo mapema kwa sababu kosa nitakalosimulia lilitoka huko. Kwenye saruji mfuko ni mfuko: kilo 50, leo na kesho, na aliyeuandika kwenye fishi hana haja ya kuusoma tena.

Mkataba wangu ulikuwa na kipindi cha majaribio cha miezi 3. Kodi ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inaruhusu hadi miezi 6, isipokuwa kwa kibarua asiye na ufundi, ambaye ni mwezi 1 tu, na inadai kipindi hicho kiwe kimeandikwa. Changu kiliandikwa. Shefu wa depo, mama mmoja mtulivu ambaye sote tulimwita Mama Shefu, aliniambia siku ya kwanza kwamba tutakaa mara tatu: siku ya 30, ya 60 na ya 90. Kisha akanipa daftari la mistari, la kurasa 96.

“Papa, kila jioni kabla ya kufunga mlango, andika mistari mitatu,” alisema. “Ulichofanya leo kwa mara ya kwanza. Ulichouliza na aliyekujibu. Na kile ambacho bado hukielewi. Hicho cha mwisho uweke alama ya kuuliza pembeni.”

Kila ukurasa niliuandika namba ya siku badala ya tarehe, jinsi alivyotaka. Swali likipata jibu, nilikata alama kwa mstari mmoja na kuandika nani amejibu. Lisipopata jibu, alama ilibaki pale.

Siku ya 19, Ijumaa tarehe 21 Juni, gari la muuzaji wa jumla lilituletea amoksisilini ya miligramu 500. Tulikuwa tumeagiza kapsuli 60,000, yaani makopo 60 ya plastiki ambayo kila moja lina kapsuli 1,000. Muuzaji hakuwa na makopo ya kutosha, akatuma kwanza alichokuwa nacho: boksi ndogo za karatasi, 120, kila moja na plaketi 10 za kapsuli 10. Ukihesabu vizuri, 120 mara 100 ni kapsuli 12,000, sehemu moja ya tano ya komande yetu. Bordero ilisema hivyo wazi, na chini yake iliandikwa kwamba kiasi kinachobaki kitafuata.

Nilihesabu boksi, zikawa 120. Nilisoma bordero, ikasema 120. Nikachukua fishi ya stoki ya amoksisilini. Kwenye sehemu ya kipimo iliandikwa “bwati”, na salio la siku ile lilikuwa bwati 34. Nikaongeza 120, nikaandika 154, nikaweka sahihi.

Hapa msomaji wa Bukavu ameshaona tatizo. Sisi tunaita kopo bwati, na boksi la karatasi pia tunaliita bwati. Neno lilitoka kwenye Kifaransa likiwa na maana hizo zote mbili, na sisi tukalichukua lilivyo. Zile 34 za zamani zilikuwa makopo ya 1,000. Zile 120 mpya zilikuwa boksi za 100. Fishi ilizijumlisha kana kwamba ni kitu kimoja.

Nimerudi mara nyingi kwenye ukurasa wa jioni ile. Mstari wa tatu unasema: “Bwati za amoksi zilizoingia leo ni ndogo kuliko zile za rafu ya juu. Kwa nini? Kuuliza.” Alama ya kuuliza iko pembeni. Jicho liliona. Ila Jumamosi tulipakia dawa za Kabare, Jumatatu frigo ya okisitosini ikapanda hadi nyuzi 11 baada ya umeme kukatika usiku kucha, na ile frigo haitakiwi kupita nyuzi 8, kwa hiyo wiki nzima akili yangu ilikuwa kwenye jenereta. Swali la bwati ndogo lilibaki ukurasa wa 19.

Kikao cha siku ya 30 kilikuwa Jumanne tarehe 2 Julai, siku mbili baada ya sikukuu ya Uhuru. Mama Shefu alikuwa na karatasi ya maswali aliyokuwa akiitumia miaka yote. Umezoea kazi? Unaelewana na wenzako? Kuna kifaa unachokosa? Kuna shida yoyote? Nilijibu: ndiyo, ndiyo, tochi, hapana.

Daftari lilikuwa kwenye droo yangu, hatua kumi kutoka kwenye meza ile. Hakuliomba, nami sikulileta. Baadaye nilihesabu: siku ile lilikuwa na alama za kuuliza 11 ambazo hazijakatwa. Mtu mwenye maswali 11 mkononi mwake alimwambia shefu wake kwamba hakuna shida, na hakuwa na nia ya kudanganya. Swali la “kuna shida?” mgeni analisikia kama “je, unatosha kazi hii?”, na aliye kwenye majaribio ana jibu moja tu la swali hilo. Laiti angeniambia, “Nisomee alama zako za kuuliza,” ningezisoma zote, kwa kuwa kusoma kilichoandikwa hakumwaibishi mtu.

Ripoti ya Juni ilitoka siku ile ile. Fishi ilisema bwati 148. Tulikuwa tunatoa makopo 18 kwa mwezi kwa wastani, na ukigawa 148 kwa 18 unapata miezi 8 na kitu. Kanuni ya depo yetu ni kwamba dawa ikishuka chini ya miezi 3, tunaagiza au tunafuatilia komande iliyo njiani. Kwa miezi 8 hakuna anayefuatilia kitu. Ukweli wa rafu ulikuwa makopo 28 na boksi 120, yaani kapsuli 40,000, miezi 2 na kidogo. Kapsuli 48,000 zilizobaki kwa muuzaji hazikupigiwa simu hata mara moja mwezi mzima wa Julai.

Siku ya 60 ingeangukia tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, ambapo watu wa hapa asubuhi huenda makaburini kusafisha na kuweka maua, na mchana hukaa na wazazi walio hai. Kwa hiyo tulikaa Jumatano tarehe 31 Julai, siku ya 59.

Nilienda kwenye kikao hicho nikiwa na furaha. Siku mbili kabla tulikuwa tumefanya invanteri, mwenzangu anahesabu rafuni na mimi naandika bila kutazama fishi, jinsi inavyotakiwa. Amoksisilini ilitoka 130. Tulipofungua fishi, ikasema 130. Hakuna hata bwati moja iliyopungua. Niliona hiyo ni zawadi yangu ya miezi miwili.

Mama Shefu safari hii aliacha karatasi ya maswali kwenye meza. Alisema, “Twende kwenye rafu. Chagua dawa moja unayoijua vizuri, unionyeshe kutoka fishi hadi boksi.”

Nilichagua amoksisilini.

Aliniuliza itatufikisha lini. Nikagawa 130 kwa 18, nikasema miezi 7, tutafika Februari. Hakujibu. Alipanda ngazi ndogo, akashusha kopo moja la plastiki, akaliweka juu ya katoni. Akainama chini, akachukua boksi moja la karatasi, akaliweka kando yake. Kopo lilikuwa kubwa kama la unga wa maziwa ya watoto, na boksi lilienea kwenye kiganja chake.

“Hii ni bwati?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na hii?”

“Ndiyo, Mama.”

Akageuza lebo zote mbili zinitazame. 1,000. 100.

Nakumbuka nilishika ukingo wa rafu. Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani: makopo 10, boksi 120, kapsuli 22,000 tu. Kwa matumizi ya kapsuli 18,000 kwa mwezi, tulibakiwa na wiki 5.

Jambo hili nataka kulieleza taratibu, maana wengi wanaotunza stoki hawajawahi kuliona. Invanteri yetu ilikubaliana na fishi kwa sababu invanteri na fishi zilikosea kwa namna moja. Mwenzangu alihesabu vipande 130 rafuni, mimi nilikuwa na vipande 130 kwenye karatasi, na hakuna aliyegusa yaliyomo ndani. Invanteri inakamata wizi, inakamata kusahau kuandika, inakamata boksi iliyoanguka nyuma ya rafu. Kosa la kipimo hailioni kabisa, kwa sababu pande zote mbili zinatumia kipimo kile kile kibovu. Dalili yake iko kwingine: dawa ambayo miezi yake ya akiba inaruka ghafla baada ya mapokezi moja, kutoka karibu miezi 2 hadi zaidi ya 8, ilhali komande yenyewe, hata ingefika yote, isingefikisha miezi 6. Namba hiyo ilikuwa mbele ya macho yetu tangu Juni, na hakuna aliyeiuliza imetoka wapi.

Alinituma nikalete daftari. Nikafungua ukurasa wa 19, nikamsomea. Alisikiliza, akavua miwani, akasema: “Na mimi niliweka sahihi kwenye ripoti ya Juni. Andika na hiyo.”

Niliandika. Ukurasa wa siku ya 59 ndio mrefu kuliko yote, na kuanzia siku hiyo nilibadilisha namna ya kuandika. Kabla yake nilikuwa naandika maneno kama “nimejifunza kujaza fishi”, ambayo ukiyasoma baada ya mwezi hayakuambii chochote. Ule wa siku ya 59 unasema hivi:

“Nilidhani: bwati ni kipimo. Nilichoona: kopo la 1,000 na boksi la 100 kwenye fishi moja. Kilichotokea: tulijiona na miezi 7, tuna wiki 5. Nitakachofanya: fishi ihesabiwe kwa kapsuli, na lebo isomwe kila mapokezi kabla ya kalamu kushikwa. Aliyenionyesha: Mama Shefu. Ningeweza kujua lini: siku ya 19.”

Mstari huo wa mwisho ni mimi niliyeuongeza, na hadi leo ndio ninaouona una faida zaidi. Ukiandika siku ambayo ungeweza kujua, unaona swali lililala muda gani. Hili lililala siku 40.

Fishi yenyewe hatukuifuta wala kuichana. Tulipiga mstari mmoja juu ya 130 ili isomeke bado, tukaandika kwa wekundu kapsuli 22,000, sababu ya sahihisho, tarehe, na sahihi mbili. Kisha kwa siku tatu tulipitia fishi nyingine zote, tukikagua kipimo peke yake. Parasetamoli ilikuwa na kosa lile lile, dogo kidogo. Glovu zilikuwa na lake: fishi ilihesabu peya, lakini boksi la glovu 100 lilikuwa limeandikwa kama peya 100, ilhali ni peya 50. Hilo lilikuwa limeingia kabla yangu.

Jioni ile ile Mama Shefu alimpigia simu muuzaji wa jumla. Kapsuli zetu 48,000 zingefika katikati ya Septemba, wiki 6 au 7 mbele. Tulikuwa na za wiki 5. Kwa hiyo Agosti nzima tulipunguza: kila senta ilipewa theluthi mbili ya ilichoomba. Nilitaka niwe mimi wa kuwaambia watu. Muuguzi mkuu wa senta moja ya Walungu alikuja na baiskeli ya kukodi hadi kwenye geti letu, karatasi yake imekunjwa mara nne mfukoni, ameomba makopo 3. Nilimpa 2. Aliuliza, “Yaya, hii ya tatu nitaifuata lini?” Nikamwambia Septemba. Alitazama karatasi, akaikunja tena mara nne, akafunga makopo mawili kwenye kariya kwa mpira. Mgonjwa atakayekosa kopo la tatu hanijui wala simjui, lakini najua tarehe ambayo dawa yake ilipotea, na ilikuwa tarehe 21 Juni mkononi mwangu.

Siku ya 90 ilikuwa Jumamosi, tukakaa Jumatatu tarehe 2 Septemba. Maswali ya zamani hayakuwapo tena. Aliniambia tu niandae komande ya miezi 6 ijayo na nije nayo.

Nilianza kwa amoksisilini. Utaratibu ni kuchukua matumizi ya miezi 3 ya mwisho na kutafuta wastani. Juni tulitoa 18,000, Julai 18,000, Agosti 12,000. Jumla 48,000, wastani 16,000 kwa mwezi, na kwa miezi 6 ni 96,000. Karatasi ilikuwa safi na hesabu ilikuwa sahihi. Nikakaa nayo usiku, na kitu hakikunipa amani, hadi nikakumbuka karatasi iliyokunjwa mara nne.

Zile 12,000 za Agosti hazikuwa mahitaji ya watu. Zilikuwa kiasi ambacho sisi tuliamua kutoa. Nikiagiza kwa wastani ule, uhaba wa Agosti nitauingiza ndani ya komande, na miezi 6 ijayo itabeba kosa la Juni bila mtu kulijua jina. Mwezi uliopunguzwa haupaswi kuingia kwenye wastani. Unachukua mwezi mzima mwingine wa kawaida badala yake, au unatumia kiasi ambacho senta ziliomba, ikiwa umetunza karatasi zao. Nilikuwa nimezitunza. Maombi ya Agosti yalikaribia kabisa 18,000. Kwa miezi 6 ni 108,000. Tofauti kati ya komande mbili ni kapsuli 12,000, sawasawa na zile boksi 120.

Nilimletea Mama Shefu karatasi zote mbili, iliyokosea na iliyosahihishwa, pamoja na maombi ya senta. Alisoma kimya. Aliniuliza swali moja: kwa nini sikutupa ile ya kwanza. Nikamwambia kwamba magazinie atakayekuja baada yangu atafanya hesabu ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyofundishwa, na bora aikute imeandikwa mahali ikiwa na sababu yake. Akaweka sahihi kwenye 108,000.

Kisha akaomba alama za kuuliza. Zilikuwa 4. Tatu alizijibu pale pale. Ya nne ilikuwa: “Sijaona mvua.” Siku zangu zote 90 zilikuwa Juni, Julai na Agosti, wakati wa kiangazi. Kila namba niliyoijua ilikuwa ya barabara kavu. Mvua zikianza Septemba, njia za vijijini zinakatika, senta zinaomba nyingi kwa mara moja kwa hofu ya gari kukwama, na dawa za malaria na za kikohozi zinatoka kwa kasi nyingine. Kikao cha siku ya 90 kisingeweza kunipima kwa jambo ambalo halijanikuta. Nilimwomba kikao cha nne. Alifungua ajenda yake, akaandika Ijumaa tarehe 6 Desemba. Majaribio yalikwisha siku ile ya kikao, tarehe 2 Septemba, na mkataba ukaendelea, ila mimi nilikuwa nafikiria ile Desemba.

Gari la muuzaji lilifika Jumatatu tarehe 16 Septemba, mvua ya kwanza kubwa imeshapita na udongo mwekundu umepanda hadi kwenye milango yake. Rafuni zilibaki boksi 40 ndogo, kapsuli 4,000. Bordero ilisema amoksisilini, bwati 120, na kwa sekunde moja mwili wangu ulisimama. Nilifungua katoni ya kwanza: makopo. Ya mwisho: boksi ndogo. Nilizitenga kwenye sakafu, makopo upande wa ukuta, boksi upande wa mlango, nikasoma lebo moja moja kwa sauti na mwenzangu akirudia. Makopo 40 ya 1,000. Boksi 80 za 100. Ndipo nilipochukua kalamu na kuandika kwenye fishi, safu ya mapokezi: kapsuli 48,000. Salio: 52,000. Kabla ya kufunga mlango nikampigia muuguzi wa Walungu, nikamwambia kopo la tatu limefika.